Gramu 300 za mboga kila siku kwa bei ya msimu: mwongozo kwa wanaokimbia Mwanza

Kila anayejiunga na kundi letu la mazoezi ya asubuhi huuliza maswali yale yale ndani ya wiki ya kwanza. Niache ugali nile mboga tupu? Mboga ipi inaleta pumzi? Na kiangazi, mchicha unapokonda sokoni, nifanyeje na mfuko wangu ni huu huu? Nimeyajibu tukiwa tunapanda mlima wa Bugando, nimeyajibu kwenye simu, nimeyajibu nikiwa nimeshika kikapu sokoni. Hapa nayaandika yote kwa mpangilio, ili ukianza Jumatatu ujue unashika nini mkononi.

Kipimo tunachofuata ni cha Shirika la Afya Duniani: angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mzima. Viazi, mihogo na vyakula vingine vya wanga vya namna hiyo havihesabiwi humo. Mimi huzigawa hivi: gramu 300 mboga, gramu 100 tunda. Ni uzito wa mboga mbichi iliyokwisha kuchambuliwa, kabla haijaingia sufuriani. Mwongozo huu unahusu hizo 300, kwa sababu ndizo zinazowashinda watu. Kipande cha papai hakijawahi kumshinda mtu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mizani ndogo ya jikoni. Kama huna, muombe mwenye duka la unga akupimie fungu lako mara mbili tatu. Baada ya hapo mkono wako utakuwa umejifunza.
- Kikombe cha chai cha kawaida, cha kama mililita 250.
- Daftari dogo na kalamu.
- Sufuria yenye mfuniko unaokaa vizuri.
- Ndoo au beseni mbili za kuoshea.
- Kitambaa safi cha pamba au kipande cha wavu, na chandarua kuukuu kisicho na dawa. Hivi ni vya kukaushia, utaviona kwenye hatua ya 5.

Ukiwa na ugonjwa wa figo, au unatumia vidonge vya kuzuia damu kuganda aina ya warfarini, zungumza na daktari wako kabla ya kuongeza majani kwa kiasi hiki. Majani ya kijani yana potasiamu nyingi na vitamini K nyingi, na kwa watu hao jambo hilo si dogo. Aliyewahi kupata mawe ya figo naye aulize, hasa kuhusu mchicha.

Hatua ya 1. Pima unachokula sasa, siku tatu

Usibadilishe kitu chochote kwanza. Kwa siku tatu, kila mboga unayokula ipime ikiwa imeiva, kwa kikombe, kisha andika. Nusu kikombe cha mboga ya majani iliyopikwa kihesabu kuwa karibu gramu 80. Kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba hujaza kikombe kizima kwa uzito huo huo.

Wengi wanashtuka hapa. Wanasema wanakula mboga kila siku, na ni kweli, sahani haikosi kijani. Lakini ile mboga iliyokaa pembeni ya ugali na dagaa, ya kutelezeshea tonge, mara nyingi ni vijiko vitatu tu. Ukila hivyo mchana na usiku, hufiki hata gramu 100.

Kosa la kawaida: kuhesabu nyanya na kitunguu vya kwenye mchuzi wa samaki kuwa ni mboga kamili. Kama chungu kizima cha watu watano kina nyanya tatu, fungu lako humo ni dogo. Lihesabu, lakini kwa haki yake.

Hatua ya 2. Soma fungu, usisome bei

Hapa ndipo pesa inapopotea au kuokolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye magenge yetu na masoko kama Kirumba, Buhongwa na Igoma, majani huuzwa kwa fungu, wala si kwa kilo. Msimu unapobadilika, muuzaji hapendi kupandisha bei ya fungu, kwa sababu mteja ameizoea. Anachofanya ni kupunguza fungu. Kwa hiyo wewe unalipa ile ile shilingi mia tano ya mwezi wa nne, unarudi nyumbani ukiamini hakuna kilichobadilika, kumbe umebeba nusu. Ndiyo sababu mtu anasema bei ni ile ile lakini mboga haitoshi.

Fanya hivi. Nunua fungu moja, lipime likiwa zima. Lichambue: kata mizizi, toa mashina magumu na majani ya njano. Lipime tena. Namba ya pili ndiyo unayokula. Mchicha uliong'olewa na mizizi yake kwangu hubakiza kidogo zaidi ya nusu. Majani ya kunde yaliyochumwa machanga hubakiza zaidi. Kabichi nzuri, iliyofunga, hubakiza karibu yote, ukitoa majani mawili ya nje na kisiki.

Kisha gawa bei kwa kilo za kilichobaki. Tuchukue mfano, wewe weka bei za soko lako. Mwezi wa nne fungu la mchicha la shilingi 500 lina gramu 600, ukichambua zinabaki 350. Shilingi 500 kwa kilo 0.35 ni kama shilingi 1,430 kwa kilo inayoliwa. Mwezi wa nane fungu la bei ile ile lina gramu 300, zinabaki 170. Hapo kilo inayoliwa imekuwa zaidi ya shilingi 2,900. Siku hiyo hiyo ya mwezi wa nane, kabichi ya shilingi 1,000 yenye kilo moja na nusu inabakiza kama kilo 1.3, yaani chini ya shilingi 800 kwa kilo. Mchicha haujapanda bei hata senti moja kwenye kibao cha muuzaji, lakini umekuwa ghali zaidi ya mara tatu kuliko kabichi iliyo meza ya pili.

Ukishapima mara tano au sita huhitaji tena mizani sokoni. Utainua fungu utajua. Andika tu kwenye daftari tarehe, jina la mboga na gramu zilizobaki. Mwaka ukizunguka, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote, mimi nikiwamo.

Jambo moja la heshima: usigombane na mama wa genge kuhusu fungu lililopungua. Naye amenunua kwa mkulima likiwa limepungua. Ukiwa mteja wa kila siku, mwambie, "Mama, mimi nachukua mafungu mawili kila jioni, niwekee," naye atakuongezea bila kuombwa mara ya pili. Jioni pia ndiyo saa nzuri ya kununua majani ya kupika usiku huo huo, kwa sababu hayatalala.

Hatua ya 3. Fuata mvua

Mwanza tuna mvua mbili. Vuli huanza karibu mwezi wa kumi na kukolea mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Masika ni mwezi wa tatu hadi wa tano. Kiangazi kirefu ni mwezi wa sita hadi wa tisa, na mwezi wa saba ndio mkavu kuliko yote. Mboga zinafuata kalenda hiyo, ila hazifuati zote kwa njia moja, na hapo ndipo wageni wanapokosea.

Majani yanapenda mvua. Wiki tatu nne baada ya mvua kushika, majani ya kunde, majani ya maboga, mgagani na mlenda hujaa kila mahali, mengine yanaota yenyewe shambani katikati ya mahindi. Huo ndio wakati wa kula majani mchana na usiku, na ndio wakati wa kukausha.

Nyanya ni kinyume chake. Mvua nyingi huleta ukungu, majani yanababuka, matunda yanaoza shambani, na bei inaruka. Nyanya nzuri na rahisi huja kiangazi kutoka kwenye bustani zinazomwagiliwa. Kwa hiyo mwezi wa nne usilazimishe kachumbari ya nyanya nyingi. Tumia limau na kitunguu, kula majani. Mwezi wa nane geuza: kachumbari kubwa, majani kidogo.

Kiangazi angalia vitu vitatu. Kabichi, nimeshaieleza. Matembele, yanayoendelea kuchipua kwenye mabonde yenye unyevu na kandokando ya ziwa wakati shamba la juu limekauka. Na kisamvu, kwa sababu mhogo unavumilia ukame na majani yake hayakosekani.

Onyo kuhusu kisamvu: majani ya mhogo yana sumu ya sayanidi kiasili. Yanatakiwa kutwangwa hadi yalainike kabisa, kisha kuchemshwa bila mfuniko hadi yaive vizuri. Kutwanga ndiko kunakoifungua sumu, na mvuke ndio unaoiondoa. Usikate kwa kisu ukapika haraka haraka kama mchicha. Wazee wetu hawakuwa na haraka na kisamvu, nasi tusiwe nayo.

Hatua ya 4. Osha vizuri, pika bila kumwaga

Bustani nyingi za mjini humwagiliwa maji ya mtaro au ya mto unaopita kwenye makazi. Kwa hiyo osha majani kabla ya kukata, si baada. Jaza beseni la kwanza, zamisha majani, yatikise, yainue kwa mikono na kuyahamishia beseni la pili. Usimimine maji yakiwa na majani ndani, utarudisha mchanga wote juu. Rudia hadi maji ya chini yawe hayana chembe. Vile unavyokula vibichi, kama kabichi, nyanya na tango, vioshe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji ya chumvi hayaui wadudu wa homa ya matumbo.

Kisha kupika. Kwa gramu 300 za majani laini, robo kikombe cha maji inatosha, na mara nyingi maji yaliyobaki kwenye majani yenyewe yanatosha. Funika, dakika tano hadi saba kwa mchicha, kumi hivi kwa majani ya maboga na ya kunde. Maliza na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta au vijiko viwili vya karanga zilizosagwa. Mafuta hayo si ya ladha tu: rangi ya njano inayojificha ndani ya kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta.

Makosa matatu ninayoyaona kila wiki:

Kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga. Unamwaga vitamini C, potasiamu na naitreti, ile ya pumzi utakayoiona hatua ya 6, yaani karibu kila kitu ambacho mkimbiaji anakitafuta kwenye majani. Mgagani watu huumwagia maji kwa sababu ya uchungu. Badala ya kumwaga, changanya sehemu moja ya mgagani na sehemu mbili za mchicha, kisha tia maziwa au karanga. Uchungu unatulia.

Kutia magadi ili mboga iwahi kuiva na ibaki kijani. Magadi huua vitamini C na kuharibu baadhi ya vitamini B. Kwa mlenda wa siku moja moja sitakusumbua, lakini isiwe desturi ya kila chungu.

Kupika ya siku tatu na kuipasha. Kwa joto letu, majani yaliyopikwa yakilala nje ya friji yanaharibika. Pika ya leo.

Hatua ya 5. Kausha wakati wa mvua

Usukumani nsansa ni chakula cha zamani. Majani ya kunde au mgagani yalikaushwa mvua ikiwapo, yakaliwa kiangazi kizima. Vijana wengi waliokulia mjini wanaiona kama chakula cha shida. Mimi naiona kuwa ndiyo njia pekee ya kula majani ya mwezi wa nne, kwa bei ya mwezi wa nne, ukiwa mwezi wa nane.

Anza na hesabu. Kilo moja ya majani yaliyochambuliwa hubaki kati ya gramu 100 na 150 yakikauka, kwa sababu sehemu kubwa ya jani ni maji. Kwa hiyo gramu 15 za nsansa, ambazo ni konzi moja iliyojaa, ni sawa na gramu 100 hadi 150 za majani mabichi. Ukila nsansa mara tatu kwa wiki kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, ni kama mara 50. Unahitaji gramu 750 kavu, yaani kilo sita au saba za majani yaliyokwisha kuchambuliwa. Gawa kwenye Jumamosi nne za mwezi wa nne na wa tano, ni chini ya kilo mbili kila Jumamosi. Inawezekana hata kwa anayeishi chumba kimoja.

a) Chagua majani machanga, yasiyotobolewa. Chambua na osha kama hatua ya 4.

b) Chemsha maji sufuria kubwa. Tumbukiza majani kidogo kidogo kwa dakika mbili au tatu tu, hadi yalegee na rangi iwe kijani kali. Yatoe, yachuje. Joto hilo fupi linazuia jani lisiendelee kujiharibu lenyewe wakati linakauka. Ni kweli hapa kuna maji yanayobaki na utapoteza kidogo. Ni gharama ya kuhifadhi, kubali.

c) Tandaza jani moja moja juu ya kitambaa au wavu ulioinuliwa, hewa ipite chini na juu. Weka kivulini penye upepo, funika na chandarua kuzuia nzi na vumbi. Jua kali linakausha haraka, lakini linaunguza ile rangi ya vitamini A, na majani yanageuka kahawia.

d) Geuza asubuhi na mchana. Jioni ingiza ndani, umande wa usiku unarudisha maji yote uliyoyatoa. Siku mbili hadi tatu zinatosha hali ya hewa ikiwa nzuri. Mvua ikiwa ya mfululizo, siku hiyo usianze.

e) Jaribu kwa kiganja. Likivunjika na kutoa mlio, limekauka. Likikunjika kama ngozi, bado. Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, penye giza. Fungua kila mwezi unuse. Harufu ya ukungu au madoa meupe ni kutupa chombo kizima. Usichambue mazuri na mabaya.

Kupika: loweka nusu saa, chemsha kwa maji hayo hayo hadi yalainike, kama dakika 20 hadi 30, unga na karanga. Nsansa imebaki na madini na nyuzinyuzi, lakini vitamini C karibu yote imekwenda. Ndiyo maana lazima iandamane na kitu kibichi: limau, nyanya za kiangazi au kabichi mbichi.

Hatua ya 6. Panga na saa za mazoezi

Sasa swali la pumzi. Majani ya kijani yana naitreti. Bakteria wa ulimini huibadilisha, na mwilini inaishia kuwa gesi inayolegeza mishipa ya damu. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walionyesha kuwa watu waliopewa naitreti walitumia oksijeni pungufu kwa kazi ile ile ya kuendesha baiskeli ya maabara. Tafiti za baadaye zilitumia maji ya bitiruti na kuona mambo yanayofanana, zaidi kwa watu wa kawaida kuliko kwa mabingwa. Faida yenyewe ni ndogo. Haitakufanya umpite mtu anayefanya mazoezi zaidi yako. Lakini fungu la majani usiku uliotangulia, bila kumwaga maji yake, linatosha kuwa sehemu ya maandalizi. Na ukisukutua mdomo kwa dawa kali ya kuua vijidudu mara tu baada ya kula, unawaua wale bakteria wanaofanya kazi hiyo.

La pili ni madini ya chuma, na hili naliweka juu ya la kwanza, hasa kwa akina dada. Chuma cha kwenye majani hufyonzwa kidogo. Limau, nyanya mbichi au chungwa katika mlo huo huo huongeza ufyonzwaji, na dagaa au samaki kidogo nao husaidia. Chai ya rangi hufanya kinyume. Kunywa saa moja au zaidi baada ya mlo.

La tatu ndilo linalojibu swali la ugali. Gramu 100 za mchicha zina kama kilokalori 23 tu. Gramu 300 hazifiki 70. Kwa anayetaka kupunguza uzito hiyo ni neema, sahani inajaa na tumbo linatulia. Kwa anayekimbia ni hatari iwapo ataondoa ugali na kuweka majani mahali pake, kwa sababu misuli inakimbia kwa wanga.

Kijana mmoja wa kundi letu, anayebeba magunia ya dagaa mwaloni Kirumba, alilijua hilo kwa miguu yake. Alianza mwezi wa nane. Vipimo vyake vya siku tatu vilionyesha kama gramu 70 za mboga kwa siku. Akapania: akakata ugali kwa nusu, akajaza kabichi. Siku ya nne tukiwa katikati ya kilima akasimama, ameshika magoti.

"Dada, mboga zako zimenimaliza."

"Ulikula nini jana usiku?"

"Kabichi sahani nzima na dagaa. Ugali nilionja."

"Na jana mchana ulibeba magunia mangapi?"

Hakujibu, akacheka. Tukapanga upya. Ugali ukarudi kama zamani, dagaa wakabaki. Mchana, chakula cha mama lishe, akawa anaomba kachumbari ya kabichi na nyanya ijae bakuli: gramu 100 za kabichi, 80 za nyanya. Usiku gramu 15 za nsansa, ambayo dada yake alimtumia kutoka Magu, tukaihesabu kama gramu 120, na limau juu yake. Jumla 300. Tunda lilikuwa kipande cha papai jioni baada ya kazi. Asubuhi ya kukimbia, uji tu, hakuna majani. Kilichopungua kwenye matumizi yake kilikuwa soda ya mchana, na hiyo ndiyo iliyolipia kabichi. Baada ya wiki mbili alikuwa anamaliza kilima na kundi. Sisemi mboga zilimpa mbio. Naamini wanga uliorudi ulimpa nguvu, na mboga zilimwondolea lile tumbo kuwa gumu alilokuwa analalamikia tangu anajiunga.

Kanuni ya saa ni fupi: mlo wenye mboga nyingi uwe angalau saa tatu kabla ya kukimbia, au baada.

Mambo yakienda vibaya

*Tumbo linajaa gesi.* Umeongeza haraka. Rudi gramu 150, ongeza 50 kila baada ya siku tatu nne, na ongeza maji ya kunywa. Kabichi mbichi ikikusumbua, ichemshe kidogo.

*Naharisha.* Likitokea mara moja baada ya kula kitu kibichi, angalia maji ya kuoshea. Likiambatana na homa au damu, hilo si la mboga tena, nenda kituo cha afya siku hiyo.

*Miguu inaisha nguvu njiani.* Pima ugali, wali au viazi vyako vya jana usiku kabla ya kulaumu kitu kingine.

*Nimekula majani miezi miwili, bado nachoka na nahema kwenye ngazi.* Nenda ukapime wingi wa damu, na uombe kupimwa malaria, minyoo na kichocho. Ukanda huu wa ziwa kichocho ni kingi, na anayeoga, anayevua au anayefua ziwani yumo hatarini. Minyoo ya safura hunywa damu kila siku, malaria huvunja chembe zake, na kichocho huivujisha polepole. Hakuna fungu la mchicha linaloweza kujaza ndoo inayovuja. Tibu kwanza, kisha mboga zifanye kazi yake.

*Nsansa yangu imekuwa nyeusi na inanuka.* Ama ulitandaza majani kwa kurundika, ama uliacha nje usiku. Itupe. Mara ijayo punguza hadi nusu kilo hadi ujue kivuli kipi cha nyumba yako kina upepo.

*Nakaa na familia, hawataki.* Usiwapikie chungu kingine. Ongeza majani ya maboga au ya kunde kwenye dagaa wa karanga ambao tayari wanawapenda, nusu kwa nusu, na wewe chota upande wenye majani mengi.

*Mwezi wa kwanza na wa pili mvua imepungua, sijui ninunue nini.* Kipindi hicho hakitabiriki, mwaka mmoja majani yapo, mwingine hayapo. Rudi hatua ya 2: pima fungu, pima kabichi, gawa, nunua iliyo rahisi siku hiyo.